Hicho si cha mbali kidogo, hicho ni chako

"Kijana wangu wa Gredi 7 alileta homuweki ya Kiswahili, wamefundishwa hiki ni karibu, hicho ni mbali kidogo, kile ni mbali kabisa. Sasa mimi nikipigia dada yangu simu ako Dubai namuuliza 'huko kuna joto?' na Dubai si mbali kidogo, ni mbali kabisa. Kijana amenishika hapo na sina jibu. Nani amekosea, kitabu ama mimi? Na kuna lugha zingine ziko na tatu kama sisi ama ni sisi tu?" (Mama wawili, Kondele, Kisumu)

Hujakosea dadangu, na huo mfano wako wa Dubai ni mzuri kuliko mingi yenye huwa naletewa na walimu. Mimi kazi yangu ni ya lugha, niko hapa Nakuru miaka mingi nikirekodi watu wakiongea na kuandika venye wanasema, na hili neno la katikati, hicho na huko na huyo na ndugu zake wote, ndilo hunipa kazi zaidi ya yale mengine mawili ukiyaweka pamoja. Hiki na kile hazina shida sana. Shida ni hicho.

Chukua hiyo simu yako tuiangalie vizuri. Uko Kondele, dada ako Dubai, katikati yenu kuna bahari na nchi kadhaa, na wewe bila kufikiria unasema huko. Sasa kwa simu hiyo hiyo mkiwa bado mnaongea, unakumbuka mama yenu ako ushago, tuseme ni Siaya, unamuuliza dada, "na kule nyumbani umepiga?" Siaya kutoka hapo Kondele haifiki hata kilomita mia, unapanda matatu asubuhi na saa za chakula cha mchana ushafika na umekaa. Kwa hivyo mahali pa mbali sana umepaita huko na mahali pa karibu umepaita kule, kitu ambacho ukifuata kile kitabu cha kijana kingekuwa kinyume kabisa. Na hakuna mtu angekusikia aseme umeongea vibaya, hata huyo mwalimu mwenyewe akipigia bibi yake simu anaongea vile vile.

Tofauti ya Dubai na Siaya hapo si kilomita. Dubai iko na msikilizaji, ndiko dada yako amesimama na simu kwa sikio. Siaya haina mtu kati yenu wawili, wewe hauko na yeye hayuko. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya neno la katikati: linaelekeza kwa upande wa ule unaongea naye. Hapa ni kwangu, huko ama hapo ni kwako, kule si kwangu wala si kwako. Ukitaka kumwambia kijana kwa sentensi moja, mwambie neno la kwanza ni la mimi, la pili ni la wewe, la tatu ni la nje yetu sote. Sentensi hiyo si kamili, nitaiharibu kidogo huko mbele, lakini ni afadhali kuliko ya "mbali kidogo."

Sasa kwa nini kitabu kikasema mbali kidogo? Kwa sababu mara nyingi mkiwa mnaongea uso kwa uso, kitu chenye kiko karibu na msikilizaji kweli kinakuwa mbali kidogo na wewe. Umbali na mtu vinatembea pamoja kama mama na mtoto mgongoni, huwezi kujua ni nani anatembea mpaka umshushe mtoto. Simu inamshusha mtoto, ndio maana nimeupenda mfano wako.

Kuna mahali pengine pa kumshusha na unapajua vizuri, ni soko la Kibuye siku ya Jumapili. Umesimama mbele ya kibanda cha mitumba, muuzaji ako ndani, nguo zimeangikwa ukutani nyuma yake mpaka juu. Umeona blauzi ya kijani huko juu, ni kama mita tatu kutoka kwako. Unasema, "nipee ile ya kijani." Muuzaji anageuka, anashika ya bluu. "Hapana, ile ya kando yake." Anasogeza mkono, anashika ya kijani, na hapo hapo wewe unasema, "eeh, hiyo!" Hebu simama kidogo ufikirie nini imetendeka. Blauzi haijatoka kwa ukuta. Wewe hujasonga. Umbali wako na ile nguo ni mita tatu kabla na mita tatu baadaye, lakini ilikuwa ile na sasa ni hiyo, na hakuna mtu sokoni angesema "eeh, ile!" wakati mkono wa muuzaji ushaifikia, na kama angesema tungeelewa bado muuzaji ameshika isiyo yenyewe. Halafu anaiteremsha, anakupa, unaishika unaangalia mshono, sasa unasema "hii ni ngapi?" Nguo moja imepitia majina yote matatu kwa nusu dakika, na ukiangalia ni nani alikuwa nayo kila wakati, utaona ilikuwa haina mtu, ikawa yake, ikawa yako.

Hapo mtu mkali ataniuliza, sawa, lakini ilikuwa hiyo kwa sababu iko karibu na mwili wa muuzaji, ama ni kwa sababu sasa yeye ameijua, akili yake iko kwa hiyo nguo? Hayo ni mambo mawili tofauti na mfano huu umeyachanganya. Ni swali la haki. Sasa wacha tumbadilishe muuzaji, tumtoe ndani, asimame nje kando yako bega kwa bega, na atumie ile fimbo ndefu yao ya kuteremshia nguo. Blauzi sasa iko mita tatu kutoka kwake kama kwako, haiko karibu na mwili wake hata kidogo. Unasema ile ya kijani, fimbo inatembea, inagusa ya bluu, hapana, inagusa ya kijani: "hiyo, hiyo hiyo." Bado ni hiyo! Kwa hivyo si mwili peke yake. Ikishaingia akilini mwa msikilizaji, ikishakuwa ile kitu mnaongea juu yake nyinyi wawili, inakuwa hiyo hata kama iko juu ya mti.

Ndio maana nilisema sentensi yangu nitaiharibu. Neno la katikati liko na kazi mbili, moja ni "iko kwako," nyingine ni "ni hiyo tushaitaja." Na kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo ya ndani zaidi, hii ya kwanza ni kama tawi lake. Sababu yangu iko kwa umbo la neno lenyewe. Chukua hicho ukipasue: kuna hi- ya mbele, halafu kuna -cho. Hiyo -cho ni ki ya ngeli imekutana na -o, ki na o zikibanana zinakuwa cho, kama vile vi na o zinakuwa vyo, na li na o zinakuwa lo. Sasa hiyo -o haiko hapo peke yake, iko kila mahali kwa Kiswahili. Ndicho. Nacho. Chicho hicho. Kitabu ambacho, kitabu nilichonunua, hata ile "cho chote" ya wazee. Mahali kote huko haina uhusiano wowote na umbali, hakuna mtu anasikia "kitabu nilichonunua" akafikiria ni mita ngapi. Kazi yake ni kurudisha akili kwa kitu chenye kimetajwa ama kinajulikana ni kipi. Mwanasarufi Ashton, mwaka wa 1944, alishaiona hiyo na akaipa jina, tunaweza kuliita "o ya urejeshi." Kwa hivyo huyo aliyeandika kitabu cha kijana si ati amekosa pa kuangalia, jibu limekuwa likikaa ndani ya neno miaka hiyo yote.

Na ukitaka kuona hiyo kazi ya urejeshi ikifanya kazi bila kitu chochote cha kuoneshwa, sikiliza watu wakisengenya. Jirani anakuja kwako, anasema, "jana kwa chama kulikuja dem mmoja anaitwa Achieng." Wewe humjui. Utauliza, "huyo Achieng ni nani?" Hutauliza "yule Achieng ni nani," hiyo inakaa vibaya kwa mdomo. Lakini kama unamjua, na unajua jirani pia anamjua, unasema, "aaah, yule Achieng wa duka la maziwa?" Umeona? Huyo ni wa kutajwa sasa hivi, yule ni wa kumbukumbu yetu sisi wawili. Unapomwambia mtu "unakumbuka yule jamaa wa bodaboda?" unamtuma akachimbe kwa kichwa chake mahali mlikuwa pamoja siku moja. Ukisema "huyo jamaa wa bodaboda" bila kumtaja mbeleni, msikilizaji atakuuliza jamaa yupi, umeanza hadithi katikati. Hii kitu watu wengi wa mbali wanaojifunza Kiswahili huwa inawapiga chenga miaka na miaka, nimesikia mgeni fulani mwenye Kiswahili safi kabisa, ngeli zote sawa, anasema "nilinunua gari mwaka jana, na gari lile liliharibika," na kila mtu mezani akawa anajaribu kukumbuka ni gari gani hiyo walishawahi kuiona. Alikuwa anataka tu "hilo."

(Kuna pia ile "huyo" ya dharau, mtu anatajwa unakunja mdomo, "huyo? achana na yeye." Hiyo sijawahi kupata njia ya kuipima vizuri, lakini masikio yangu yanasema iko.)

Sasa swali lako la pili, kama ni sisi tu. Sio sisi tu, na huhitaji kuenda mbali, anza na hapo nyumbani kwako. Kijaluo kinabandika yake nyuma ya jina, na ziko tatu: ng'atni ni mtu huyu, ng'atno ni mtu huyo, ng'atcha ni mtu yule. Hiyo -no inafanya kazi karibu sana na -o yetu, ya kwako na ya kutajwa, ilhali Kijaluo na Kiswahili si ndugu kabisa, moja ni ya Waniloti na nyingine ni Kibantu. Huku kwetu Nakuru majirani zangu wa Kikuyu wako na mũndũ ũyũ, mũndũ ũcio, mũndũ ũrĩa, tatu, na ũcio iko katikati vile vile. Hii huwa inanifanya nifikirie jambo moja juu ya Kiswahili chetu cha bara, nalo ni maoni yangu tu, msiende mkaliandika kama sheria. Unajua huku tumeangusha ngeli nyingi, mtu anasema "hii kitu, hiyo kitu, ile kitu," "hii mtoto, hiyo mtoto," mtu wa Lamu akitusikia anashika kichwa. Lakini angalia chenye hatujaangusha: hii, hiyo, ile, zote tatu zimesimama na zinatumika sawasawa kama za pwani, hata hiyo blauzi ya Kibuye mtu wa Mombasa angeiita vile vile isipokuwa kama ngeli ingebadilika. Mimi naona ni kwa sababu mtu akitoka kwa Kijaluo ama Kikuyu akiingia Kiswahili, tofauti za ngeli anaweza kukosana nazo, lakini sanduku tatu za kuonyeshea tayari ako nazo kichwani.

Kwa dunia nzima kuna mtu alishahesabu. Holger Diessel, mtaalamu Mjerumani, alichukua lugha 234 akaziweka kwa ramani. Zenye ziko na hatua mbili kama Kiingereza zilikuwa 127, zenye tatu 88, nne zilikuwa 8, tano na zaidi zilikuwa 4, na 7 hazitofautishi umbali kabisa kwa neno lenyewe. Kwa hivyo tatu si ajabu, ni kitu cha kawaida tu. Lakini hiyo hesabu yake usiisome haraka, kwa sababu ndani ya hizo 88 kuna aina mbili zimelala kitanda kimoja: kuna lugha zenye neno la katikati kweli ni la umbali wa kati, na kuna zenye neno la katikati ni la msikilizaji, na Diessel mwenyewe anazitenganisha. Ukikuta mahali kumeandikwa "lugha hii ina viashiria vitatu" bado hujaambiwa kitu cha maana, umeambiwa tu idadi ya milango, hujaambiwa inafunguka kwa wapi.

Mfano mzuri wa hiyo ni kulinganisha Kijapani na Kituruki, zote ziko na tatu. Kijapani kiko na kore, sore, are. Kore ni cha kwangu mimi, sore ni cha kwako, are hakiko kwetu sote, na ukienda kwa ile story ya Achieng wa chama inakaribia sana yetu, mtu anayejulikana na nyinyi wawili unatumia ile ya a-, na mwenye mmoja wenu hamjui unatumia ile ya so-. Mjapani akija Kibuye hatapata shida na blauzi. Kituruki nacho kiko na bu, şu, o, na kwa miaka mingi vitabu viliandika vile vile kama cha kijana wako, bu karibu, şu katikati, o mbali. Halafu watafiti wawili, Küntay na Özyürek, wakakaa chini wakarekodi watu wakijenga vitu pamoja kwa meza, wakaangalia si umbali peke yake, wakaangalia macho ya msikilizaji yako wapi. Wakaona şu inatoka wakati msikilizaji bado hajaangalia kitu. Ni kama kumwambia "hebu angalia hapa." Akishaangalia, msemaji anaacha şu, anarudi kwa bu kama kiko karibu ama o kama kiko mbali. Na hiyo şu inatumika kwa kitu cha karibu na cha mbali pia.

Hiyo ni kinyume na sisi! Yetu ya katikati inakuja baada ya msikilizaji kushika, yao inakuja kabla hajashika. Mturuki kwa kibanda cha mitumba angeanza na şu na kumaliza na nyingine, sisi tunaanza na ile na kumaliza na hiyo. Na bado kwa vitabu vya zamani lugha zote mbili ziliandikwa kwa maneno yale yale, mbali kidogo.

Za zaidi ya tatu zipo, nizipitie tu. Jirani zetu wa Madagaska wako na hatua zaidi, sarufi zao hupanga kama sita hivi, na juu yake wanaongeza kama kitu kinaonekana ama kimefichika, kwa hivyo kitu nyuma ya ukuta hakiitwi kama kitu uwanjani hata kama umbali ni ule ule. Kule Alaska Wayupik wako na karibu mashina thelathini ya maneno ya kuonyeshea, lakini hizo si hatua thelathini za umbali, hakuna binadamu anapima hivyo. Zinaangalia kama kitu kiko upande wa juu wa mto ama wa chini, ndani ama nje, kama kimetulia mahali pamoja ama kimetandaa ama kinatembea, kama unakiona vizuri ama hukioni. Ukiondoa hayo yote umbali wenyewe unabaki kidogo sana. Kwa hivyo lugha ikizidi tatu, mara nyingi haijaongeza mita, imeongeza kitu kingine.

Lakini msifikirie umbali haufanyi kazi kabisa, nisije nikawapeleka upande mwingine kupita kiasi. Kenny Coventry na wenzake wamekuwa wakifanya jaribio moja la ujanja, wanamwekea mtu vitu kwa meza ndefu, wanamdanganya ni mchezo wa kumbukumbu, wanasikiliza tu atakitaja na neno gani. Mwaka wa 2023 wakatoa matokeo ya lugha 29, wasemaji 874, na kitu kilichotokea kote ni kwamba neno la karibu linafuata urefu wa mkono. Chenye unaweza kufikia ni "hiki," ukipita hapo linaanza kuanguka. Na kwa jaribio lao la zamani, ukimpa mtu fimbo ya kugusia, eneo la "hiki" linarefuka na fimbo. Kwa hivyo neno la kwanza, hiki, hilo kweli lina mpaka wa umbali, mpaka wa mkono. Walijaribu pia kumweka msikilizaji kando ama ng'ambo ya meza, na hapo lugha zikaachana, kuna zenye zilijali msikilizaji amekaa wapi na kuna zenye hazikujali. Hiyo ndiyo tofauti tunaongea juu yake tangu mwanzo.

Na upande wa mbali, kule, huko nako umbali uko, lakini hatuuweki kwa neno, tunauweka kwa sauti. Uliza mtu kwa steji ya Kondele ofisi fulani iko wapi. Akisema "ni pale" ni ng'ambo ya barabara. Akisema "ni paaale" jiandae kutembea. Akisema "ni kuleee" sauti ikipanda, kidevu kikiinuka na midomo ikisonga mbele, panda tu pikipiki. Nimewahi kupima hiyo kwa rekodi zangu na mtu akitaja mahali mbali zaidi irabu inarefuka, kwa hivyo kama mtu anataka kusema Kiswahili kina hatua nne ama tano mimi sitabishana, hatua hizo ziko kwa koo.

Kuna mtego mmoja kijana ataukuta na utamchanganya, wacha niutaje. Ukiwa na vitu viwili mbele yako, vyote unaweza kuvigusa, bado utasema "hii ni ya elfu, ile ni ya mia tano." Ile ya pili haiko mbali, iko tu kinyume na ya kwanza. Tukilinganisha tunachukua ncha mbili, hii na ile, na ya katikati tunairuka. Ndio maana tunasema huyu anasema hivi na yule anasema vile, hatusemi na huyo anasema hivyo. Kwa hivyo ukitaka kupima lugha usitumie vitu viwili kwa wakati mmoja, utapima kulinganisha ukidhani unapima umbali. Tumia kitu kimoja.

Kama kijana anataka kuona mwenyewe, mfanyie jioni moja hapo nyumbani. Kuna mtaalamu anaitwa David Wilkins, mwaka wa 1999 aliandaa picha 25 za msemaji, msikilizaji na kitu kimoja, kila picha wamepangwa tofauti, na watafiti wamezitumia kwa lugha nyingi. Nyinyi hamhitaji 25, nne zinatosha. Weka kikombe kwa kiti mwisho wa sebule. Kwanza wewe na mdogo wa kijana mkae pamoja mbali nacho, huyo mdogo akitaje kwako. Halafu wewe uende ukae kando ya kikombe, mtoto abaki pale pale, akitaje tena. Kikombe hakijasonga na mtoto hajasonga, kwa hivyo kama neno limebadilika, ni wewe umelibadilisha. Ya tatu mkae tena pamoja mbali na kikombe, lakini mwanzo mwe mnaongea juu ya hicho kikombe kwamba kina ufa. Ya nne, wewe uko kando ya kikombe lakini umegeuka unaangalia dirishani. Na kitu kimoja muhimu, usimuulize mtoto "hapa tunatumia neno gani?" Ukimuuliza hivyo atakupa jibu la kitabu, wote hunipa jibu la kitabu hata maprofesa. Mpe sababu ya kukitaka kikombe, mwambie aombe aletewe, halafu wewe usikilize tu. Nikifanya hivi huku kwetu, ya kwanza hupata kile, ya pili hicho, ya tatu hicho mara nyingi ingawa kuna wa kusema kile, na ya nne ni hicho, mara nyingi na "hapo nyuma yako" imeongezwa.

Sasa kuhusu homuweki yenyewe. Kama zoezi limeweka jedwali la safu tatu, karibu, mbali kidogo, mbali, ajaze tu venye mwalimu anataka, hiki hicho kile, huyu huyo yule, hapa hapo pale, maneno yenyewe ni hayo hayo na alama ziko hapo, hakuna haja ya kupigana na mwalimu kwa sababu ya kichwa cha safu. Penye inakuwa na maana ni zile sentensi za kujaza pengo. Akikuta "Nipe kitabu ____ ulichoshika," asianze kujiuliza aliyeshika amesimama umbali gani, kimeshikwa na msikilizaji, ni hicho. Akikuta "Paliondokea mzee mmoja. Mzee ____ alikuwa na mbuzi," ni huyo, ashatajwa, ingawa kwa hadithi atakuta pia yule, wasimulizi huipenda, na mwalimu akiiweka alama ya kosa hapo mwambie aniandikie.